Watu Tisa

Mama mkwe wangu alifariki Tunduma, Septemba 2017, akiwa kwetu kwa matibabu, na waliokuja kutuhani walikuwa watu tisa. Idadi naijua kwa sababu daftari la rambirambi ninalo mpaka leo. Lina majina kumi, lakini la kumi ni la mume wangu mwenyewe, aliyejiandikisha kwa kuchanganyikiwa. Wawili kati ya hao tisa walikuwa wapangaji wenzetu wa uani, ambao wasingeweza kwenda chooni bila kupita mlangoni petu. Mmoja alikaa kidogo, akanywa chai, kisha akauliza duka langu litafunguliwa lini, maana alikuwa ameniachia kitenge nikipeleke kwa fundi kipindwe.

Mimi ni wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani. Kwetu msiba ukitokea majamvi yanatandikwa mpaka barabarani na bodaboda zinatafuta njia nyingine. Nikayatazama majamvi mawili tuliyoazima, moja halijakaliwa, nikaona aibu ambayo hata kilio hakikuiondoa.

Tuliingia Tunduma mwaka 2014, mji ukiwa bado chini ya Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, makao yake yakawa Vwawa, na sisi tukajikuta tumehamia mkoa mwingine bila kuhamisha hata kijiko. Mume wangu alikuwa akifanya kazi na mawakala wa forodha, mimi nikapanga fremu ya vitenge na khanga. Wateja wangu wengi walitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanavuka kwa miguu, wanasalimia "muli shani", wanalipa kwa kwacha, wanarudi kwao kabla jua halijazama. Nilijiambia kwamba Tunduma si mji wa kukaa bali wa kupita. Dereva anakwenda Lubumbashi, mbadilisha fedha kaja kutafuta mtaji, mwenye fremu ya jirani ni Mkinga, wa pili Mnyiha, wa tatu Mchaga, na kila mmoja akili yake iko kwao. Nilifungua saa mbili, nikafunga saa kumi na mbili, nikapanda bodaboda mpaka mlangoni. Miaka mitatu mizima nyumba ya tatu kutoka kwetu niliijua kwa rangi ya geti tu.

Hitma ya arobaini ilifika mwisho wa Oktoba. Tulipika sufuria la pilau la watu sitini, wakaja kumi na mmoja. Siku tatu tulikula pilau la jana. Hapo ndipo nilipoamua kubadili namna yangu ya kuishi na watu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu za duka, nikaamua kuipima. Nilikuwa na jambo lingine la kujifunza ambalo sikulijua wakati ule: namna mpya ya kuishi na watu huipimi kwa vipimo vya duka, wala kwa muda wa duka.

Nilichobadili ni hiki. Asubuhi nikaacha bodaboda, nikatembea kwa miguu, kama dakika ishirini, nikisalimia mimi kwanza. Nikaazimia kwenda kila msiba nitakaousikia katika mtaa na katika safu yetu ya fremu. Na kwa papara ya mtu aliyeaibika, nikaongeza na mambo mengine: nikaanza kukopesha vitenge kwa majirani, na kupeleka sahani za tambi na kaimati kwenye nyumba za karibu. Haya ya mwisho ndiyo yaliyoniharibia kipimo, nitaeleza.

Nyuma ya daftari lile lile la rambirambi nikaandika watu kumi na wawili, saba wa mtaani na watano wa sokoni. Wiki ya kwanza niliweka alama kwa kila aliyeitikia salamu. Kufika Ijumaa alama zilikuwa zimejaa, wote kumi na wawili, nikafurahi kama mtoto. Ilinichukua siku chache kuona upuuzi wake. Mtanzania gani asiyeitikia salamu? Hata mnayedaiana naye mahakamani ataitikia "nzuri". Alama ambayo ingekuwapo hata kama watu wananichukia haikunieleza lolote, nami nilikuwa naihesabu kama mauzo.

Nikafuta, nikapiga mistari miwili mipya. Safu moja niliiita "kaanza yeye": amenisalimia kabla yangu, amepita dukani bila shida, amenipa habari ambayo sikuiuliza. Safu ya pili niliiita "kimemgharimu": amefanya jambo kwa ajili yangu lililomla muda, au fedha, au uso wake mbele ya wengine. Kuanzia hapo daftari likawa jeupe kabisa. Wiki ya pili hamna kitu, ya tatu hamna, ya nne mtu mmoja, tena ni mtoto.

Wiki ya tano likajaa ghafla. Watu watano kati ya kumi na wawili walikuja dukani wenyewe, wakakaa kwenye benchi, wakaniita "mama wa Tanga", mmoja akanisaidia kukunja mzigo. Nikamwambia mume wangu mambo yameiva. Yeye akauliza swali moja tu: "Wangapi unawadai?" Nikaenda kwenye daftari la madeni. Wote watano.

Sikuwa na njia ya kujua kama wamekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya kitenge, kwa sababu salamu, sahani na mkopo nilivianzisha mwezi mmoja. Mkulima anayeweka mbolea mpya, mbegu mpya na kupanda mapema msimu mmoja hawezi kukwambia kilichoongeza magunia. Katikati ya Desemba nikafunga mkopo. Sikumfukuza mtu, nilisema tu kwamba mzigo wa sikukuu unahitaji fedha taslimu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Watatu kati ya wale watano hawakukaa tena kwenye benchi lile. Wawili walibaki. Mmoja wao alilipa deni lake kabla sijamdai, akakaa, akaendelea kunisimulia habari za shangazi yake wa Mlowo. Huyo nilimpa alama yake ya kwanza ya haki.

Hapa niseme jambo la mama ntilie aliyekuwa jirani yangu wakati huo, maana kosa lake lilikuwa ndugu wa kosa langu. Naye alikuwa ameamua kubadilika: awaite madereva kwa majina, awatanie, awaulize habari za familia. Wiki aliyoanza, mpaka ukakwama. Malori yakapanga foleni kwenye barabara kuu, madereva wakalala Tunduma siku baada ya siku, na wali wake ukaisha kabla ya saa saba mchana. Akatuambia sote kwamba ni ulimi mtamu. Foleni ilipofunguka, wateja wakarudi idadi ile ile ya zamani, naye akasema madereva hawana shukrani, akaacha hata kuwasalimia. Ulimi wake haukuwa umepimwa mara zote mbili. Kilichopimwa ni foleni.

Mimi nami nilikuwa na foleni yangu, ila ilikwenda kinyume. Mwisho wa Januari 2018, miezi mitatu kamili tangu nianze, nilikaa na daftari nikajumlisha. Kati ya watu kumi na wawili, watatu walikuwa wameanza wao angalau mara mbili. Aliyefanya jambo la kumgharimu alikuwa mmoja. Nikamwambia mume wangu kwamba Tunduma imenishinda, nitarudi kwenye bodaboda yangu. Nilikuwa nimesahau kutazama kalenda. Huku mvua ni moja, inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Nusu ya watu wangu walikuwa na mashamba Mbozi na Momba, wanatoka alfajiri na jembe, wanarudi giza limeingia na matope magotini. Januari ndiyo hiyo ya sare na madaftari ya shule, akiba ya mahindi imepungua na mapya bado. Nani ana nafasi ya kupita kumjulia hali muuza vitenge? Ningejumlisha Julai, baada ya mavuno, ningepata picha tofauti kwa watu wale wale, na huenda ningejipongeza kwa kazi iliyofanywa na mahindi.

Kilichonizuia kuacha hakikuwa busara. Ulikuwa ni ukali wa bibi mmoja muuza mkaa, mmoja wa wale kumi na wawili.

Februari ulitokea msiba nyumba ya nne kutoka kwetu. Nikaenda, nikaketi kwenye kiti cha plastiki nilichopewa, nikajifunika khanga, nikatulia kama mgeni rasmi. Ulikuwa msiba wangu wa tatu tangu nianze, na mara zote nilikaa hivyo hivyo: nafika, naandikisha elfu mbili, naketi saa moja, naaga. Yule bibi alikuwa kwenye mafiga na wanawake wengine. Akanitazama kwa muda, kisha akaniita mbele ya wote.

"Wewe mama wa Tanga, umekuja kutuangalia?"

"Hapana bibi, nimekuja kuhani."

"Mikono yako inaumwa?"

"Haiumwi, bibi."

"Basi njoo umenye vitunguu. Kwenye kiti wanakaa wanaotoka Dar es Salaam."

Wanawake wakacheka. Nilisogea nikiwa nimevimba, kwa kuwa kwetu mtu hakaripiwi hivyo msibani na mtu ambaye si shangazi yake. Nikakaa chini na kisu. Nikamenya vitunguu mpaka jioni, nikachambua mchele, nikaosha sufuria ambalo ningeweza kuogea ndani yake, na usiku nikalala matanga kwenye mkeka katikati ya wanawake wawili ambao mmoja wao alikuwa anakoroma na mwingine alikuwa na mengi ya kusema. Asubuhi nilijua nani kaolewa wapi, nani kagombana na mwenye nyumba, na kwa nini nyumba yenye geti la bluu haiendi misibani kabisa.

Nyumbani nilimlalamikia mume wangu kwamba nimedhalilishwa. Nilikuwa nimeiandika siku ile kama hasara. Ilichukua wiki kadhaa kuona kwamba bibi yule ndiye alikuwa ametoa kitu cha thamani kuliko kumi na mmoja waliobaki. Mgeni hakaripiwi. Mgeni anapewa kiti, anapewa soda, anasifiwa gauni, na anaposhuka ngazi anasahaulika. Anayekukaripia mbele za watu ametia uso wake hatarini, maana ungeweza kumjibu vibaya. Anakuhesabu kuwa utakuwapo kesho. Nikamwekea alama kwenye safu ya pili, na tangu siku hiyo ile safu niliisoma kwa macho mengine. Tabasamu liliondoka katika hesabu. Kadi za michango ya harusi ziliondoka pia: kuanzia Mei mpaka Agosti mwaka ule nililetewa kadi saba, na mwanzoni kila kadi niliiona kama cheti cha uraia, mpaka nilipogundua kwamba kadi inapelekwa kwa yeyote mwenye fremu, hata asiyejulikana jina. Mbili kati ya zile saba zilikuwa zimeandikwa "Mama Vitenge".

Zilizobaki katika safu ile zilikuwa chache, na kwa mtu wa nje zingeonekana ndogo. Sahani yangu ikirudi, imerudi na kitu ndani? Mtoto wao anatumwa kwangu kuomba chumvi, au wanapita kwangu wakaenda mbali? Nikikosea, naambiwa mimi au anaambiwa jirani? Na kubwa kuliko zote: habari ya msiba inanifikiaje? Hii naweza kuieleza kwa kirefu kwa sababu niliifuatilia. Mwanzoni nilipata habari za misiba kwa kuona turubai. Baadaye nilisikia sokoni, siku ya pili, kwa watu wanaozungumza wao kwa wao. Kisha mtu akaanza kuniuliza, "Ulisikia lakini?", yaani alinikumbuka, ila baada ya mazishi. Juni 2018, saa kumi na moja alfajiri, mlango wangu uligongwa. Mtu alikuwa ametoka kitandani kwake, gizani, kwenye baridi ya Juni ya huku ambayo watu wa Tanga hatukuumbiwa, akapita nyumba nyingine, akaja kuniambia mimi. Kati ya turubai na hodi ile ilikuwa miezi saba na kitu. Hakuna siku moja katika miezi hiyo ambayo ningeweza kusema leo imebadilika, lakini mpangilio wa habari ulikuwa unasogea karibu hatua kwa hatua, na ule ndio uliokuwa wa kutazama.

Mpwa wangu alikuwa anasoma chuo wakati huo, akaja likizo, akanikuta na daftari langu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia wako wasomi wanaofanya kazi hiyo hiyo na wanalipwa. Alinieleza wawili ambao nimewakumbuka. Mmoja ni Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliyechapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu saa ambazo watu hutumia pamoja kabla ya kuitana marafiki. Aliwauliza watu waliohamia sehemu mpya na wanafunzi walioanza chuo, akapata kwamba mtu anatoka kuwa mnayefahamiana na kuwa rafiki wa kawaida baada ya saa kama 50, rafiki hasa kama 90, na wa karibu zaidi ya 200. Saa za kukaa kazini pamoja hazikuhesabika sawa na za kukaa kwa hiari.

Wamarekani si Watunduma, na saa 50 za huko sijui zinakuwa ngapi hapa. Lakini mimi nilichukua kalamu. Salamu yangu ya asubuhi kwa mtu mmoja ilikuwa dakika moja, ikizidi sana mbili. Saa 50 ni dakika 3,000. Kwa dakika moja kwa siku, bila kukosa Jumapili wala sikukuu, ningehitaji zaidi ya miaka minane. Ndiyo maana mwezi wa kwanza ulikuwa mweupe! Nilikuwa nimempa kila mtu jumla ya nusu saa, nikataka anirudishie udugu. Usiku mmoja wa matanga, kutoka jua kuzama mpaka kukucha, ni zaidi ya saa kumi, tena katika hali ambayo mtu hawezi kujifanya. Msiba ule wa vitunguu ulinipa kwa siku moja kile ambacho salamu zingenipa kwa zaidi ya mwaka. Tangu hapo niliacha kuhesabu wiki. Niliandika mara ambazo nimekaa na mtu zaidi ya saa nzima bila biashara kati yetu, na nikaamua kwamba kabla ya mara sita za namna hiyo sina haki ya kusema huyu ananitaka au hanitaki.

Wa pili alikuwa Erica Boothby na wenzake, nao wa mwaka huo huo. Waliwakalisha watu wasiojuana wazungumze, kisha wakamwuliza kila mmoja faraghani: umempenda mwenzio kiasi gani, na unadhani yeye amekupenda kiasi gani? Watu kwa kawaida walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Walipowafuata wanafunzi wanaoishi pamoja bwenini, dhana hiyo potofu iliendelea kwa miezi mingi. Habari hii iliniuma. Katika daftari langu, pembeni, nilikuwa na tabia ya kuandika neno moja kila jioni: "baridi", "sawa", "wamenuna". Karibu Januari yote ilikuwa "baridi". Nilirudi nikaangalia siku moja niliyoandika "wamenuna" kwa ajili ya mama muuza mchele, na nikamwuliza, tukiwa sasa ni wa kutaniana, siku ile alikuwa na nini. Akafikiri. Akasema Januari ile jino lilimsumbua wiki mbili.

Novemba 2018 mwaka ukatimia, msimu mmoja wa jembe na mmoja wa mavuno. Kati ya kumi na wawili, wanane walikuwa na alama katika safu ya pili, watano kati yao zaidi ya tatu. Wanne hawakuwa na hata moja. Wawili katika hao wanne nilikuwa sijakaa nao saa nzima hata mara mbili, kwa hiyo sikuwahukumu, niliwaacha kwenye orodha. Wawili wengine nilikuwa nimekaa nao mara nane na mara kumi. Nilikuwa nimelala matanga kwao. Hakuna kilichorudi, hata sahani. Hapo niliacha. Si kwa kununa, salamu zangu wanazo mpaka leo, ila niliacha kupeleka na niliacha kungoja. Kuacha huko kulikuwa rahisi kuliko ningeacha Januari, kwa sababu Januari ningewaacha wote kumi na wawili kwa kosa la mvua na la jino.

Nilimsomea mume wangu hesabu yangu kwa fahari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanivunjia msingi wake.

"Wale tisa," alisema, "unakumbuka mama alifariki saa ngapi?"

Nilikumbuka. Alfajiri. Sisi ni Waislamu, na tulimzika alasiri ya siku ile ile. Majirani zetu wengi ni Wakristo, wamezoea msiba wa siku mbili tatu, wa kungoja ndugu watoke Mbeya na Lusaka. Mpaka habari inafika sokoni, sisi tulikuwa tumeshatoka makaburini. Hatukuweka turubai. Hatukumwambia balozi. Mume wangu alimjua mtu mmoja tu msikitini. Wale tisa hawakuwa kura ya mji mzima dhidi yangu, walikuwa ni wale waliobahatika kujua. Na hitma? Hitma ni kweli, alisema, lakini ni nani kati yao aliyejua hitma ni nini, na kwamba anaweza kuja bila kuwa Mwislamu? Uliwaambia? Sikuwaambia. Nilipika pilau la watu sitini na kungoja wanuse.

Kwa hiyo mwanzo nilioutumia kupimia kila kitu ulikuwa umepinda. Ningeanza kwa kusema sijulikani, badala ya kusema sitakiwi, ningejiokoa usiku mwingi mbaya. Lakini huenda nisingetembea kwa miguu asubuhi, pia. Sijaamua.

Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa, safu za fremu zikabadilika, baadhi ya watu wangu kumi na wawili wakahama, na daftari likaingia kabatini. Bibi wa mkaa bado yupo. Bado ananiita mbele za watu.

Mwezi uliopita fremu ya pili kutoka kwangu ilifunguliwa saluni na binti mmoja kutoka Kahama. Kila asubuhi ananipa shikamoo, naitikia marahaba, naendelea na mzigo wangu. Juzi msaidizi wangu akaniuliza, "Mama, yule dada umemkasirikia nini?" Nikashangaa. Sijamkasirikia lolote. Nikahesabu: ana wiki ya tatu. Katika wiki hizo tatu nimekuwa nahesabu marobota, na sijui kama nimemtazama usoni hata mara moja. Kwake, jioni, ninajua hasa neno analoandika pembeni.

Saa kumi jioni ya siku ile ile ikaja habari ya msiba, nyuma ya stendi. Msaidizi wangu akauliza tufunge. Nikamwambia tufunge, ila kwanza akapige hodi kwenye saluni, amwambie binti kwamba tunaondoka pamoja, na aje na kisu.